Kisanduku cha Mapendeleo Kiachwe Wazi? Hadhira Pana katika Matangazo ya Facebook na Instagram kwa Wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa

Mfanyabiashara anayenunua nafasi ya tangazo katika Facebook au Instagram ni mlaji kama mlaji mwingine yeyote. Hutoa fedha kwanza, na bidhaa anayonunua, yaani macho ya watu, haionekani wala haishikiki. Ndiyo maana tumeona inafaa kueleza kwa kina hatua moja tu ya ununuzi huo, ambayo kwa maoni yetu hupoteza fedha nyingi za wenye mitaji midogo: hatua ya kuchagua nani aonyeshwe tangazo.

Anayefungua ukurasa wa kuandaa matangazo wa kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, huulizwa eneo, umri na jinsia ya watu anaowataka. Chini yake kuna kisanduku kiitwacho `Detailed targeting`, ambamo anaweza kuandika mapendeleo ya watu hao: kilimo, mitindo, mpira wa miguu, upishi na mengine mengi sana. Kisanduku hicho huvutia. Mtu huhisi kwamba kadiri anavyokijaza ndivyo anavyobana matumizi, kwa kuwa tangazo litawafikia wanaohusika tu. Katika makala hii tunaeleza kwa nini mara nyingi ni afadhali kukiacha wazi, kuuachia mfumo hadhira pana, na kuhamishia jitihada zote kwenye picha, video na maneno ya tangazo lenyewe. Tunaeleza pia ni wakati gani ushauri huo haufai.

Pendeleo ni kisio

Watumiaji wengi hudhani kwamba mtu aliye katika kundi la "kilimo" ni mkulima, au angalau amejieleza hivyo. Sivyo. Pendeleo ni kisio la kompyuta, linalotokana na kurasa alizofuata mtu, video alizotazama na matangazo aliyobonyeza. Mwanafunzi aliyetazama video tatu za matrekta anaweza kuingizwa katika kundi la kilimo, ilhali bibi wa Rungwe mwenye ekari 2 za migomba, ambaye hutumia Facebook kuwasalimu wajukuu tu, asiingizwe. Msomaji anaweza kulithibitisha hili kwa akaunti yake mwenyewe: afungue mipangilio, aingie sehemu ya `Ad preferences`, kisha atazame mada ambazo mfumo unadhani zinamhusu. Wengi hukuta mambo ambayo hawajawahi kuyajali.

Tena visio hivyo vimezidi kupungua nguvu. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilianza kuzilazimisha programu katika simu zake kumwomba mwenye simu ruhusa kabla ya kufuatilia anachofanya katika programu na tovuti nyingine, na wengi walikataa. Januari 2022 Meta nayo iliondoa maelfu ya mapendeleo yaliyogusa mambo nyeti kama vile afya, dini, siasa na kabila. Kilichobaki kinatumika, lakini kisichukuliwe kuwa orodha ya wanunuzi.

Namna mfumo unavyomtafuta mnunuzi

Kila mara mtu anapofungua Facebook, mnada hufanyika kwa sekunde isiyotimia. Matangazo yote yanayoweza kuonyeshwa kwa mtu huyo hushindanishwa, na mshindi si lazima awe aliyetoa fedha nyingi kuliko wenzake. Mfumo hulinganisha mambo matatu: kiasi ambacho mtangazaji yuko tayari kulipa, uwezekano kwamba mtu huyu mahususi atafanya jambo ambalo mtangazaji analitaka, na ubora wa tangazo kwa mtazamaji. Tangazo linaloelekea kuitikiwa hushinda kwa bei ndogo, na tangazo lisiloitikiwa hulipa zaidi kwa nafasi ileile.

Uwezekano huo wa kuitikia ndio algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazoongoza mfumo, inaoukadiria upya kila tangazo linapoonyeshwa. Mwanzoni hukadiria kwa kutazama maneno na picha za tangazo na historia ya akaunti. Kisha hujifunza kutokana na walioitikia: watu 10 wa kwanza waliotuma ujumbe wana nini kinachofanana, hata kama kinachofanana hakina jina katika orodha yoyote ya mapendeleo? Ukiwa umeandika "kilimo" kisandukuni, umeifungia algoriti ndani ya chumba kimoja na kuiamuru imtafute mnunuzi humo, awemo asiwemo. Ukiacha wazi, hutafuta katika nyumba nzima. Isitoshe, chumba kikiwa kidogo, nafasi za kuonyesha tangazo huwa chache, na bei yake hupanda.

Kujifunza huko kunahitaji idadi. Meta yenyewe imeweka kipimo cha takriban matokeo 50 ndani ya wiki 1 kwa kila kundi la matangazo, tangu badiliko kubwa la mwisho lilipofanywa. Kabla ya hapo, safu ya `Delivery` huonyesha neno `Learning`, na mfumo ukiona kwamba hautafika huandika `Learning limited`. Maneno hayo mawili ya mwisho yakionekana kwa siku kadhaa mfululizo, maana yake ni kwamba unalipia ukisiaji ambao haujakomaa.

Mfano: miche ya parachichi kutoka Tukuyu

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue mfano wa kufikirika ambao hata hivyo unafanana na mambo yanayotokea Nyanda za Juu Kusini kila mwaka mvua zinapokaribia. Mwenye kitalu aliyeko Tukuyu, wilayani Rungwe, anauza miche ya parachichi ya aina ya Hass iliyobebeshwa. Bei ni shilingi 4,000 kwa mche, na baada ya gharama zote isipokuwa tangazo hubakiwa na shilingi 1,000. Anataka wanunuzi wa mikoa ya Mbeya na Iringa, hasa wa Mufindi na Kilolo, ambako zao hili limeshika. Ametenga shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 14, yaani shilingi 140,000.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa kugawa fedha hizo katika makundi 4 ya shilingi 2,500 kila moja: wapenda kilimo, wapenda bustani, wapenda parachichi, na wafuasi wa kurasa za ujasiriamali. Tukadirie kwamba kila mtu anayeanzisha mazungumzo ya WhatsApp kupitia tangazo anagharimu shilingi 700. Kila kundi litapata mazungumzo yasiyofika 4 kwa siku, sawa na 25 kwa wiki. Hakuna kundi hata moja litakalofika 50. Fedha zote zitakuwa zimetumika, na mfumo utakuwa haujajifunza lolote kwa ukamilifu popote. Hata watu wa makundi hayo wanaingiliana, kwa kuwa mpenda parachichi mara nyingi ni yuleyule mpenda bustani, hivyo makundi yake mwenyewe hugombea watazamaji walewale.

Akiziweka shilingi 10,000 zote katika kundi 1 lisilo na mapendeleo, kwa bei ileile atapata mazungumzo 14 kwa siku, yaani 100 kwa wiki. Amevuka kipimo kabla siku ya nne haijaisha. Tofauti yote imetokana na kutogawa. Kwa mwenye bajeti ndogo, hii ndiyo sababu kubwa zaidi ya kupendelea hadhira pana, na ni sababu ya hesabu tupu ambayo haihitaji imani yoyote katika werevu wa kompyuta.

Hadhira pana haina maana ya dunia nzima. Yapo mambo machache ambayo mfanyabiashara huyu lazima ayafunge yeye mwenyewe. La kwanza ni eneo. Akichagua Mkoa wa Mbeya na Mkoa wa Iringa, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 amechukua mikoa yenye jumla ya watu zaidi ya milioni 3.5. Bila shaka wengi wao hawamo katika mitandao, lakini waliomo wanatosha kabisa kwa shilingi 10,000 za siku. Aangalie ramani pia. Kati ya mikoa hiyo miwili, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, upo mji wa Makambako, nao ni wa Mkoa wa Njombe. Ikiwa gari linalopeleka miche Mafinga linapita Makambako, hatuoni sababu ya kuwaacha watu wa Njombe nje ya tangazo, na hasa kwa parachichi. Mipaka ifuate njia ya gari. Jambo lingine la kujua ni kwamba uchaguzi wa eneo hujumuisha wanaoishi hapo na waliokuwapo hivi karibuni. Katika barabara hii maana yake ni madereva wa malori wanaoelekea Tunduma, ambao watauliza bei wakiwa Mafinga na kupotea. Dawa yake si kuongeza mapendeleo. Ni kuandika katika tangazo mahali ambapo miche itapokelewa.

La pili ni umri. Mfumo unaoitwa `Advantage+ audience` huuchukulia upeo wa umri, jinsia na mapendeleo yaliyoandikwa kuwa madokezo tu, ambayo unaweza kuyavuka ukiona dalili ya wanunuzi kwingine. Kinachobaki kuwa amri ni eneo, umri wa chini kabisa, lugha, na orodha ya watu wa kuondolewa. Mwenye kitalu anaweza kuweka umri wa chini kuwa miaka 25, kwa kuwa mnunuzi wa miche sharti awe na ardhi au awe na sauti juu yake. La tatu ni lugha, na hapo tunashauri aache wazi. Lugha inayosomwa na mfumo ni ile ambayo mtu ameiweka katika akaunti yake, na wapo Watanzania wengi ambao programu zao zimo katika Kiingereza tangu siku simu iliponunuliwa. Ukichagua Kiswahili peke yake unawapoteza hao, ilhali wote wanasoma Kiswahili.

Tangazo ndilo kichujio

Kazi iliyokuwa ikifanywa na kisanduku cha mapendeleo haikutoweka. Imehamia kwenye tangazo. Picha na maneno sasa ndivyo vinavyomwita anayehusika na kumpitisha asiyehusika, na kila anayejitokeza huifundisha algoriti imlete mwingine wa namna yake. Kwa hiyo tangazo lisilo na mipaka huleta watu wasio na mipaka.

Mwenye kitalu wetu aandae matangazo mawili ndani ya kundi lile moja. La kwanza lina picha nzuri ya parachichi lililokatwa, na maneno: "Miche bora ya Hass ipo. Tuma ujumbe sasa." La pili ni video ya sekunde 20 iliyopigwa kwa simu kitaluni. Katika sekunde tatu za mwanzo unaonekana mkono ukishika mche na kidole kikionyesha kovu pale kikonyo kilipounganishwa na shina. Sauti inasema: "Una ekari moja Kilolo, Mufindi au Rungwe? Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari yako inachukua miche 80. Mche ni shilingi 4,000, oda inaanzia miche 20, na mzigo unapokelewa Mbeya mjini, Mafinga au Iringa mjini kila Jumamosi."

Tangazo la pili linawafukuza watu, nalo linafanya hivyo kwa makusudi. Anayetaka mche 1 wa kupanda uani ataondoka. Asiye na shamba ataondoka. Anayedhani mche ni shilingi 500 ataondoka bila kumpotezea mwenye kitalu dakika 10 za kuandikiana. Lakini mwalimu wa Kihesa mwenye ekari aliyoachiwa na wazazi, ambaye hajawahi kufuata ukurasa wowote wa kilimo, atasimama, kwa sababu ameulizwa swali ambalo ni lake. Watu wa namna hiyo ni wengi katika mikoa hii: mishahara iko mjini na ardhi iko kijijini. Hakuna pendeleo linaloitwa "mtumishi mwenye shamba nyumbani".

Tunasisitiza matangazo yawe machache na yatofautiane kweli. Kubadili rangi ya maandishi ya tangazo lilelile si kutengeneza tangazo la pili. Tofauti inayofundisha ni ya mnunuzi anayesemeshwa: mwenye ekari tupu ni mmoja, mwenye miti ya zamani anayetaka kuibadilisha ni mwingine, na kila mmoja ana swali lake. Kwa bajeti ya shilingi 10,000 kwa siku, matangazo 2 au 3 yanatosha.

Daftari mwishoni mwa wiki ya pili

Hapa tunafika kwenye hatari kubwa ya njia hii, ambayo wanaoisifu hawaitaji mara nyingi. Algoriti humtafuta mtu atakayefanya lile hasa uliloliomba. Mwenye kitalu aliomba mazungumzo ya WhatsApp, kwa hiyo inamletea watu wanaopenda kuanzisha mazungumzo. Haijui nani alilipa, kwa sababu malipo yamefanyika kwa simu au mkononi, nje ya macho yake.

Tuseme baada ya siku 14 hesabu imekuwa hivi. Tangazo la picha limetumia shilingi 100,000 na kuleta mazungumzo 160, sawa na shilingi 625 kwa kila moja. Tangazo la video limetumia shilingi 40,000 na kuleta mazungumzo 40, sawa na shilingi 1,000 kwa kila moja. Mfumo wenyewe ndio uliolipendelea la picha na kulipa fedha nyingi zaidi, kwa kuwa mazungumzo yake ni ya bei nafuu. Kwenye kioo cha simu, picha imeshinda.

Sasa afungue daftari lake. WhatsApp huonyesha juu ya mazungumzo tangazo ambalo mteja alitokea, na anaweza pia kuweka ujumbe wa kuanzia ulio tofauti kwa kila tangazo, hivyo si vigumu kujua nani alitoka wapi. Kati ya watu 160 wa picha, waliolipa ni 5. Kati ya 40 wa video, waliolipa ni 8. Mnunuzi wa picha amegharimu shilingi 20,000, na wa video shilingi 5,000. Ikiwa kila mmoja alichukua miche 20, faida kabla ya tangazo ni shilingi 20,000 kwa mnunuzi. Tangazo la picha limekula faida yote mpaka senti ya mwisho, na mwenye kitalu ametumia siku 14 akijibu ujumbe wa watu 155 wasionunua. La video limemwachia shilingi 15,000 kwa kila mteja.

Afanye nini? Alizime tangazo la picha, na aliache la video likichukua bajeti yote. Asirudi kwenye mapendeleo kwa kudhani kwamba wasionunua walitokana na upana wa hadhira. Matangazo yote mawili yalikuwa na hadhira ileile. Kilichotofautiana ni tangazo. Wakati huohuo asitarajie kwamba mnunuzi ataendelea kugharimu shilingi 5,000 hasa bajeti yote itakapohamia huko. Watu 8 ni wachache mno kwa hesabu ya uhakika, na gharama huelekea kupanda fedha zinapoongezwa. Hata ikipanda maradufu, bado ana faida.

Daftari hilo halihitaji kuwa la kitaalamu. Safu tano zinatosha: tarehe, tangazo alilotokea, shamba liko wapi, kiasi alicholipa, na kwa waliokataa, sababu yao kwa maneno yao. Safu hii ya mwisho ndiyo inayotengeneza tangazo linalofuata. Wakiuliza watu 9 kama miche inafika Makambako, jibu la swali hilo liwe sentensi ya kwanza ya video mpya.

Ukurasa wa matangazo una pia kitufe cha `Breakdown`, ambacho hugawanya matokeo kwa umri, jinsia na mkoa. Tunashauri kisomwe kwa tahadhari. Mtu akiona kwamba Iringa imeleta mazungumzo machache kuliko Mbeya hushawishika kuiondoa Iringa mara moja, lakini idadi ya watu wa Mkoa wa Iringa ni karibu nusu tu ya ile ya Mbeya, na huenda mnunuzi wa Mufindi anachukua miche 200 pale wa Mbeya mjini anapochukua 20. Daftari litangulie, kitufe kifuate.

Kuhusu subira, kosa linalorudiwa sana ni kugusagusa. Kubadili eneo, kubadili lengo, kuongeza tangazo jipya au kuongeza bajeti kwa mkupuo mkubwa huweza kurudisha mafunzo mwanzo. Anayebadilisha kila asubuhi hulipia siku ya kwanza ya mafunzo kila siku. Wiki moja bila kugusa ndicho kipimo chetu cha chini, isipokuwa pale bei iliyoandikwa ina makosa au mzigo umekwisha.

Pale ambapo hadhira pana haifai

Kwa bidhaa ambayo wanunuzi wake wanahesabika kwa majina, njia hii ni upotevu. Anayeuza mashine za kumenyea kahawa mbivu kwa vyama vya ushirika vya Rungwe na Mbeya Vijijini anawajua wateja wake wote, na simu au safari moja inashinda tangazo la mwezi mzima. Mama lishe wa Mwanjelwa naye hana haja ya mkoa mzima. Amteue mlaji kwa kuweka alama ya ramani na umbali mfupi kutoka meza yake, kisha aache mengine wazi. Na mwenye bajeti isiyofikisha matokeo 50 kwa wiki hata katika kundi 1 anaweza kuomba tokeo jepesi zaidi, kwa mfano kutazamwa kwa video, huku akijua kwamba mtazamaji yuko mbali zaidi na mnunuzi kuliko mtu aliyetuma ujumbe.

Unapomlipa mtu akutangazie

Wengi katika miji ya Mbeya na Iringa hawaandai matangazo wenyewe, bali huwalipa mawakala. Wapo wanaofanya kazi nzuri. Wapo pia wanaouza kitu wanachokiita orodha ya siri ya mapendeleo, au wanaodai kwamba "wamepata kundi la wanunuzi wa parachichi" na kutoza ada kwa ajili ya hilo. Kwa yale tuliyoeleza, msomaji ataona kwamba orodha kama hiyo haina thamani inayodaiwa, kwa kuwa mapendeleo yaleyale yako wazi kwa kila mwenye akaunti. Ada halali ya wakala ni ya kutengeneza video, kuandika maneno, kusimamia fedha na kusoma matokeo.

Kabla ya kulipa, tunashauri mambo haya yawe katika maandishi. Akaunti ya matangazo iwe kwa jina la mwenye biashara, na wakala apewe ruhusa ya kuiendesha tu, kwa sababu yale ambayo mfumo umejifunza hubaki katika akaunti, na ikiwa ni ya wakala, siku mkiachana unaanza sifuri. Fedha za tangazo zitenganishwe na ada ya wakala, na risiti za Meta zionyeshwe zenyewe kama zilivyotolewa. Wakala aseme ni makundi mangapi ataunda na kwa bajeti gani. Akitaja makundi 6 kwa shilingi 10,000 za siku, mwonyeshe hesabu ya makala hii na umsikilize atakavyoijibu.

Wakala akiomba namba za simu za wateja wako wa zamani ili azipakie katika mfumo, simama kwanza. Namba hizo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mteja aliyekupa namba ili apokee miche hakukupa ili ipelekwe kwa kampuni nyingine. Hadhira pana haihitaji orodha hiyo hata kidogo.

Mwisho ni ukweli wa tangazo lenyewe. Tangazo linaloahidi miche ya Hass iliyobebeshwa ilhali ni miche ya mbegu litaitikiwa vizuri, na algoriti italipeleka kwa wengi zaidi, kwa kuwa haijui mti utazaa nini baada ya miaka kadhaa. Mwenye shamba atajua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kupotosha katika biashara, na katazo hilo linahusu tangazo la simuni sawasawa na bango la barabarani. Mnunuzi aliyepotoshwa apige picha ya tangazo pamoja na jina la ukurasa na tarehe, atunze ujumbe wa malipo na mazungumzo ya WhatsApp bila kufuta chochote, kisha awasilishe malalamiko Tume ya Ushindani akiwa na nakala hizo.